Waya unaochaji tu

Umechomeka simu kwenye kompyuta ili uhamishe picha. Chaji inaingia, lakini kompyuta haioni kitu. Watu wengi hapo huanza kuishuku simu, wengine huipeleka kwa fundi, kwa sababu waya unaochaji unaonekana mzima. Na kweli ni mzima, ila huenda hauna njia ya data. Waya wa kawaida wa USB una nyaya nne ndani: mbili za umeme, mbili za data. Wa kuchajia tu una zile mbili za umeme, na mara nyingi ndio unaokuja na taa, spika ndogo au mashine ya kunyolea. Unene wake usikudanganye.

Kabla ya kuulaumu waya, fungua skrini ya simu, vuta arifa chini, gusa ile ya USB kisha uchague "File transfer", maana simu nyingi za Android huanza kwa kuchaji tu. Arifa hiyo isipotokea kabisa, badili waya peke yake, tundu la kompyuta libaki lilelile. Simu ikionekana, ufunge ule wa kwanza utepe mwekundu.