SOMO LA ROBO HII: CHATI ISIYODANGANYA JICHO



Katika toleo moja lililopita tuliweka chati ya nguzo kuonyesha ongezeko la watu mkoani Morogoro. Kwenye kikao cha usharika mmoja wa Milima ya Uluguru, mjumbe alituuliza: "Kama watu wameongezeka mara tano, mbona mradi wa maji ni uleule?" Watu hawakuongezeka mara tano. Chati yetu ndiyo iliyosema hivyo, na kosa lilikuwa letu. Tulikazane jicho kwenye namba zenyewe:

Watu wa Mkoa wa Morogoro katika sensa tatu

| Mwaka wa sensa | Watu (milioni) |
|---|---:|
| 2002 | 1.8 |
| 2012 | 2.2 |
| 2022 | 3.2 |

Kutoka 1.8 hadi 3.2 haijafika hata mara mbili. Lakini sisi tulianzia mhimili wa pembeni kwenye milioni 1.5 ili kuokoa nafasi. Kwa hiyo nguzo ya 2002 ilibaki na urefu wa 0.3 tu, na ya 2022 ikawa na 1.7, yaani zaidi ya mara tano. Msomaji wa nguzo hulinganisha urefu, hasomi mhimili. Ndiyo sababu nguzo lazima zianzie sifuri. Ukitumia sentimita 2 kwa kila milioni, utapata nguzo za sentimita 3.6, 4.4 na 6.4, nazo zinatosha vizuri kwenye ukurasa.

Tatizo la pili lilikuwa rangi. Tulitumia nyekundu na kijani, na maelezo ya rangi tukayaweka pembeni. Sharika nyingi hupokea nakala za fotokopi, na humo rangi zote mbili hugeuka kijivu kimoja. Wapo pia ndugu zetu ambao macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani. Sasa tunaandika mwaka chini ya kila nguzo na namba juu yake, rangi isibebe maana peke yake. Kabla ya kuchapa, toa fotokopi moja. Kisichosomeka hapo kirekebishwe.

Tatu, makala zetu mara nyingi husomwa kwa sauti kikaoni, na chati haisomeki kwa sauti. Chini yake andika sentensi inayobeba jambo kuu, kwa mfano: "Kati ya 2012 na 2022 mkoa uliongeza watu milioni 1, wakati miaka kumi ya nyuma uliongeza milioni 0.4." Mzee asiyeona vizuri naye atakuwa amepata habari ile ile.

Mwisho, kichwa cha jedwali kitaje eneo. Namba hizi ni za mkoa mzima, Kilombero na Ulanga zikiwemo. Hazitoshi kupangia maji ya kijiji kimoja cha mlimani; kwa hilo tumieni hesabu ya kaya za kijiji chenyewe.