Msamaha wa nini? Barua kwa mamlaka ya kodi na kitenzi kinachomficha mtendaji

Katika masomo yetu ya uandishi wa barua za kikazi, mfano tunaopewa mara nyingi ni barua ya kuomba kazi. Mimi nimechagua barua nyingine, ngumu zaidi: ile ambayo mlipakodi anaiandikia mamlaka ya kodi kueleza kwa nini tarakimu za ritani yake hazilingani na zile ambazo ofisi inazo, kisha kuomba asamehewe adhabu. Ni ngumu kwa sababu ina matendo mawili ya usemi, kueleza na kuomba, na Kiswahili kinatupatia njia rahisi mno za kuyaharibu yote mawili.

Kwetu Kongo barua ya namna hiyo huandikwa kwa Kifaransa, lugha rasmi. Kwa hiyo mfano wangu unatoka Tanzania, ambako mtu anaweza kuiandika kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Mwenye barua ni mfanyabiashara wa vipuri vya magari huko Tunduma, mpakani na Zambia, katika njia ile ile wanayopita madereva wanaoleta mizigo Lubumbashi. Alinikubalia nisome barua zake mbili, ya kwanza iliyokataliwa na ya pili iliyopokelewa. Nimebadilisha tarehe na tarakimu, nikaacha sentensi jinsi zilivyo.

Kwanza jambo lenyewe. Tanzania bara, mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) hutoa risiti kwa mashine ya kielektroniki, ambayo watu huiita mashine ya EFD. Mwisho wa siku mashine inatoa ripoti ya Z, yaani jumla ya mauzo ya siku hiyo, na habari hizo hutumwa pia kwa Mamlaka ya Mapato, TRA. Ritani ya mwezi inatakiwa ifike kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Mfanyabiashara wetu aliandika katika ritani ya Machi mauzo ya shilingi 41,500,000. Ofisi, kwa kujumlisha ripoti za mashine, ilipata 45,100,000. Tofauti ni 3,600,000, na kodi yake kwa asilimia 18 ni 648,000. Ikamwandikia ikidai kodi hiyo, riba na adhabu.

Barua yake ya kwanza ilikuwa na sentensi nne tu:

«Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Kulitokea tofauti kidogo katika ritani ya Machi kutokana na matatizo ya mashine, na kiasi fulani kilisahaulika. Jambo hili lilikuwa nje ya uwezo. Kwa unyenyekevu mkubwa naomba msamaha wa kodi kwa kuwa hali ya biashara ni ngumu.»

Kisarufi hakuna kosa. Ofisi ilijibu kwamba maombi hayaeleweki, ikataka maelezo ya kina pamoja na vielelezo. Wengi wangesema ofisi ina ukali. Mimi nadhani ofisi ilisoma vizuri kilichoandikwa.

Tuanze na nomino. Neno «msamaha» linabeba kazi tatu ambazo Kifaransa cha ofisi zetu kinazigawa kwa maneno matatu. Kuomba msamaha, bila kuongeza kitu, ni kukiri kosa na kutaka mwenzako asiwe na kinyongo. «Msamaha wa kodi», katika lugha ya kodi ya Tanzania, ni jambo jingine kabisa: ni pale sheria inapoamua tangu mwanzo kwamba bidhaa fulani au mtu fulani hatozwi kodi. «Msamaha wa riba na adhabu» ni la tatu: kodi inabaki kudaiwa, lakini kile kilichoongezwa juu yake kinaondolewa chote au sehemu yake. Mwaka 2018 TRA ilipotangaza msamaha maalumu wa riba na adhabu, kodi ya msingi haikufutwa; watu waliopata msamaha walitakiwa kuilipa. Sasa mfanyabiashara wetu wa vipuri aliomba «msamaha wa kodi». Kwa macho ya karani, huyu anataka vipuri vyake visitozwe VAT, jambo ambalo halipo, au anataka asilipe 648,000 ambazo wateja wake walikwisha kumpa. Kumbe yeye alitaka adhabu tu iondolewe.

Ningependa kitenzi «kufutiwa» kwa sababu hakina harufu ya toba. «Naomba nifutiwe adhabu» inasema nani anafaidika na kitu gani kinaondoka. Lakini neno linalotumika katika mambo haya ni «kusamehe», na barua inayofuata neno la ofisi hufika mezani panapohusika. Basi tulitumie, ila lisiachwe peke yake: «msamaha wa adhabu», na si zaidi.

Sasa vitenzi, na hapa ndipo mwanafunzi wa lugha za Kibantu ana neno la kusema. «Kulitokea tofauti» ina kiambishi ku- cha mahali mbele. Hakuna mtu ndani yake. «Kilisahaulika» ni kauli ya kutendeka. Tunajua kipimo chake: kauli ya kutendwa inakubali mtendaji kwa kutumia «na», kwa hiyo tunasema «kilisahauliwa na karani», kauli ya kutendeka inamkataa, na hakuna Mswahili atakayesema «kilisahaulika na karani» akiwa na maana ya kwamba karani ndiye aliyesahau. Kwa maneno mengine, mwandishi alichagua umbo ambalo hata ukitaka kumwuliza «nani?» sarufi inakunyima nafasi ya kuweka jibu. Sisi wa Lubumbashi tusicheke. Katika Kiswahili chetu cha mjini tunasema «balisahabu», na hao ba- hakuna anayewafahamu.

Afisa wa kodi anataka jambo moja kabla ya yote: kujua kama tofauti ilitokana na kuficha au na kupitiwa. Sentensi isiyo na mtendaji haimsaidii kuamua, na mbaya zaidi, inafanana na sentensi ya mtu anayeficha.

Hata hivyo nisije nikaeleweka vibaya. Kauli ya kutendeka si adui. «Mashine iliharibika» ni sahihi, maana hakuna aliyeiharibu. «Mashine ilichukuliwa na fundi wa wakala» ni sahihi pia, na mtendaji yumo. Kinachopotosha ni kutumia -ika kwa tendo ambalo lina mwenyewe. Mashine huharibika, ritani hujazwa na mtu.

Nilimwomba anieleze kwa simu mambo yalivyotokea, siku kwa siku. Hii ndiyo barua iliyotoka katika mazungumzo yale, baada ya anwani, tarehe na namba yake ya mlipakodi:

«Ndugu Meneja,

YAH: MAELEZO YA TOFAUTI KATIKA RITANI YA VAT YA MACHI 2024 NA MAOMBI YA MSAMAHA WA ADHABU

Narejea barua yenu ya tarehe 10 Juni 2024.

Ninakubali kwamba mauzo niliyoyaandika katika ritani yalipungua kwa shilingi 3,600,000. Tarehe 14 Juni nimelipa kodi yake, shilingi 648,000, na nimewasilisha ritani iliyorekebishwa. Stakabadhi ya malipo ni kielelezo A.

Tofauti yote ni mauzo ya siku moja, tarehe 27 Machi. Jioni ya siku hiyo mashine yangu iliharibika kabla sijatoa ripoti ya Z. Kesho yake ilichukuliwa na fundi wa wakala (kielelezo B, hati ya makabidhiano), nami nikapewa mashine nyingine. Tarehe 18 Aprili karani wangu alijaza ritani kwa kujumlisha ripoti za Z zilizokuwa dukani. Ripoti ya tarehe 27 Machi haikuwamo, na mimi nilisaini bila kuhesabu siku. Fundi aliitoa ripoti hiyo na kuniletea tarehe 24 Aprili (kielelezo C). Inaonyesha shilingi 3,600,000 kabla ya kodi. Niliiweka katika faili na sikurekebisha ritani mpaka nilipopata barua yenu.

Mauzo hayo yalitolewa risiti za mashine, moja baada ya moja, siku yenyewe. Ritani zangu za miezi 12 iliyotangulia zilifika kwa wakati.

Kwa sababu hizo naomba nisamehewe adhabu iliyotajwa katika aya ya 3 ya barua yenu. Riba iliyotajwa katika aya ya 2 siiombei msamaha, nitailipa.»

Tazama watendaji: mimi, karani, fundi, mimi tena. Kila kitenzi chenye uzito kina mtu na tarehe. Penye «iliharibika» ni mashine tu, na hapo inastahili. Sentensi iliyomwumiza zaidi mwenye barua ni «nilisaini bila kuhesabu siku». Alitaka tuiondoe. Nilimwambia kwamba tukiiondoa, afisa ataiandika mwenyewe kwa maneno yake, na maneno yake yanaweza kuwa makali zaidi.

Tazama pia kwamba «tofauti kidogo» imeondoka. Tofauti ya ritani haina udogo wala ukubwa, ina tarakimu. Barua inatakiwa ifunge hesabu: 41,500,000 za ritani na 3,600,000 za kielelezo C zinaleta 45,100,000 za ofisi, bila kubaki shilingi. Kama maelezo yangefunika 3,000,000 tu, zile 600,000 zilizobaki zingetilia shaka na zile zilizoelezwa. Mtu anaweza kujipima hivi kabla ya kupeleka barua: achukue tarakimu ya ofisi, atoe tarakimu yake, kisha atafute karatasi inayobeba kile kilichobaki. Asipoipata, hajawa na maelezo bado.

Ile hoja ya biashara kuwa ngumu tuliifuta. Si kwamba ilikuwa uongo. Ugumu wa biashara ni sababu ya kuomba kulipa kwa awamu, maombi ambayo yana barua yake. Hausemi lolote juu ya kwa nini ritani ilikosewa, na ukiwekwa pale unamfanya msomaji ajiulize kama upungufu wa fedha ndio uliopunguza mauzo kwenye karatasi. Sentensi yenye nguvu ni ile ya risiti: anayeficha mauzo hayatolei risiti ya mashine ambayo ofisi yenyewe inaisoma.

Jambo la mwisho ni adabu. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunapenda kuanza kwa «nina heshima ya kuwaandikia» na kumaliza kwa mistari mitatu ya kuinama. Katika Kiswahili cha ofisi, «Ndugu Meneja» inatosha, na heshima iko katika kutompotezea msomaji wakati. Hata lile «husika na kichwa cha habari hapo juu» sikuliacha: nani ahusike, na kwa nini aamriwe? «Narejea barua yenu ya tarehe fulani» inafanya kazi hiyo kwa uwazi, na inamsaidia karani kupata faili.

Jibu lilichukua wiki sita. Adhabu ilisamehewa sehemu, si yote. Ofisi ilisema muda kati ya tarehe 24 Aprili na 14 Juni haukuelezwa. Ni kweli. «Niliiweka katika faili» ina mtendaji na ina tendo, lakini haina sababu, na hakuna kauli ya kitenzi ambayo ingeiziba nafasi hiyo.