Sloti imetoka pana kuliko mchoro

Swali: Nakata sloti kwa mashine ya cheche za umeme. Mchoro unataka upana wa milimita 6.00 hadi 6.02. Waya ni 0.25, programu nimeichora 6.00, ofseti nimeweka 0.125. Mbona imetoka 6.05?

Jibu: Ofseti yako ni nusu ya unene wa waya tu. Waya haugusi chuma. Cheche huruka na kula pengo kila upande. Kipimo chako chenyewe kinasema pengo hilo ni kiasi gani: ziada ya 0.05 ukiigawa kwa kuta mbili ni 0.025. Kwa hiyo waya wa 0.25 unafungua njia ya 0.30.

Usilenge 6.00, maana hapo kosa dogo tu linakutoa nje. Lenga katikati, 6.01. Umezidi kwa 0.04, gawa kwa mbili, ongeza 0.02 kwenye ofseti, iwe 0.145. Waya utapita ndani zaidi na sloti itapungua. Wengi husahau kugawa, wakapunguza mara mbili ya kinachotakiwa.

Namba hiyo ni ya chuma hicho, unene huo na nguvu hiyo ya cheche. Ukipitisha mara ya pili kwa nguvu ndogo ili kulainisha kuta, pengo hupungua, nayo ofseti hubadilika. Jaribu kwanza kwenye kipande cha chakavu cha unene uleule, upime juu, katikati na chini, kwani waya ukitetemeka kuta hazinyooki.