Kuyachambua mapato ya kila mwezi: mfano wa intaneti ya majumbani Tabora

Mapato ya mwezi yanayojirudia ni jumla ya ada za mwezi mmoja za wateja wote ambao huduma yao haijakatika, nayo hayalingani na fedha zilizoingia mkononi, kwa kuwa mteja aliyelipa shilingi 360,000 kwa mwaka mzima huhesabiwa 30,000 katika kila mwezi wa miezi 12. Jumla hiyo ikipanda haisemi imepanda kwa njia gani, na katika mji kama Tabora, ambako kipato cha kaya nyingi hufuata msimu wa tumbaku na ambako wanafunzi wa vyuo huondoka wakati wa likizo kisha wakarudi, mmiliki asiyeijua njia hiyo hawezi kuamua fedha yake aielekeze wapi.

Uchambuzi hufanywa kwa kila mteja peke yake, kwa kulinganisha ada ya mwezi uliopita na ya mwezi huu. Aliyekuwa sifuri na sasa analipa ni mpya iwapo hajawahi kulipa kabisa, na ni wa kurejea iwapo aliwahi kulipa zamani. Aliyepanda kifurushi huingizwa kwenye ongezeko kwa ile tofauti tu, na aliyeacha huingizwa kwenye upotevu kwa ada yake yote. Aliyeshuka kifurushi naye huhesabiwa kwenye upotevu kwa tofauti, ingawa ni vyema awe na safu yake, kwa sababu anayebana matumizi bado ni mteja. Aliyeacha akiwa na kifurushi cha 30,000 akarudi na cha 50,000 huandikwa 50,000 zote chini ya waliorejea, kwani mwezi uliotangulia hakulipa chochote.

Ichukuliwe biashara ya kufikirika inayounganisha intaneti kwenye nyumba za kata ya Ng'ambo, ambayo mwishoni mwa Aprili ina wateja 100 wa kifurushi cha 30,000 na 20 wa kifurushi cha 50,000, yaani mapato ya 4,000,000. Mwezi Mei wanaingia wateja wapya 8 wa kifurushi kidogo (240,000), watano wanapanda kifurushi (100,000), 10 wa zamani wanarejea kwenye kifurushi kidogo (300,000), 14 wa kifurushi hicho wanaacha (420,000) na wawili wanashuka (40,000). Mei inafungwa kwa 4,180,000, na faida ya uchambuzi inaonekana hapo: waliorejea wakichanganywa na wapya, wapya wataonekana kuwa 18 wenye 540,000, na mmiliki ataamini kwamba matangazo yake yanafanya kazi, ilhali wapya na ongezeko kwa pamoja ni 340,000, kiasi kisichofikia upotevu wa 460,000. Bila waliorejea, mapato yangeshuka.

Kosa la kawaida zaidi hutokana na kumtambua mteja kwa namba ya simu anayolipia, kwa maana anayebadilisha laini, au anayelipiwa na ndugu, husomeka kama mmoja aliyeacha na mwingine aliyeingia, hivyo upotevu na wapya huvimba kwa pamoja huku jumla ikibaki sahihi. Dawa yake ni kumpa kila mteja namba ya kudumu siku anapounganishwa, na kila mwezi kulinganisha idadi ya wapya na idadi ya ruta zilizofungwa: wapya wakiwa 18 na fundi amefunga ruta 8, kuna jina linalosomwa mara mbili. Kipimo hiki hulegea katika nyumba za kupanga, ambako mpangaji huhama na anayeingia hutumia ruta ileile. Huyo ni mteja mpya kweli, ndiyo maana ruta inastahili namba yake na mlipaji namba yake.

Kosa la pili ni la tarehe. Katika malipo ya kabla, kifurushi kikiisha tarehe 30 na mteja akalipa tarehe 4, daftari lililofungwa siku ya mwisho wa mwezi litamwandika amepotea, na mwezi unaofuata amerejea, wakati alikuwa akisubiri mshahara tu. Muhula wa siku 7 hivi kabla ya kumhesabu mtu kuwa amepotea huondoa kelele hiyo, mradi usibadilishwe katikati ya mwaka, maana miezi haitalinganishika tena.

Safu ya waliorejea husomwa vizuri zaidi ikiunganishwa na mwezi ambao kila mmoja aliacha. Ikionekana kwamba wengi wa walioacha hurejea ndani ya miezi mitatu, na karibu hakuna anayerejea baada ya mwezi wa sita, mmiliki anapata tarehe ya kumtuma fundi akaifungue ruta iliyolala kwenye nyumba ya mteja huyo na kuipeleka kwa mwingine, badala ya kuinunua nyingine.