Nimekosa mafunzo ya kupanda juu, nisaini?

*Nafanya kazi kiwandani Tanga. Siku ya mafunzo ya kufanya kazi juu nilikuwa nauguza mtoto. Msimamizi ananiambia nisaini tu daftari la mahudhurio. Nifanyeje? – M.*

Pole kwa kuuguza, ndugu M. Kukosa kwa udhuru kunarekebishika, ila usisaini. Ukianguka, saini hiyo itasema ulifundishwa.

Mwandikie ofisa usalama leo, ukitaja tarehe na sababu, na uombe nafasi katika awamu ijayo. Baki na nakala. Usiridhike na makaratasi: kukagua mishono ya mkanda wa usalama na kuufunga mahali imara hujifunzwa kwa mikono. Hadi hapo, omba kazi za chini.

Wakikulazimisha kupanda, nenda OSHA. Sheria ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri akufundishe.