Fundi wa Miezi Mitatu Si Kibarua

Wadogo zangu wenye karakana za sare za shule, kabla hamjanunua vitambaa vya msimu, tuzungumze kuhusu watu watakaovishona. Kazi yenu hufurika kuanzia Novemba hadi shule zifunguliwe Januari, kisha Februari vyerehani vinatulia. Wengi wenu mnajikinga kwa kuwafanya mafundi wote vibarua, mkiamini kwamba kibarua anaweza kuachwa jioni yoyote bila deni. Hapa Kenya imani hiyo itawagharimu.

Kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kibarua ni mtu anayelipwa siku inapoisha, na haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Kifungu cha 37 kinasema akifanya kazi mfululizo hadi siku zake zifikie mwezi, au akipewa kazi isiyotarajiwa kumalizika chini ya miezi mitatu, anahesabiwa kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Siku yake ya mapumziko ya kila wiki na sikukuu zinaingia kwenye hesabu hiyo. Basi fundi uliyeanza naye tarehe 1 Novemba, ukawa unamlipa kila jioni bila karatasi yoyote, Desemba inapoanza si kibarua tena. Kumwachisha kunahitaji notisi ya siku 28 kwa maandishi, na sababu halali. Na mkifika mahakamani huna mkataba ulioandikwa, ni wewe utakayetakiwa kuthibitisha masharti mliyokubaliana.

Sasa tupige hesabu ya karakana ya mfano. Fundi mmoja anashona mashati 8 kwa siku, yaani 200 katika siku 25 za kazi. Miezi ya kawaida oda ni mashati 400. Msimu ukifika ni 1,000 kwa mwezi. Mafundi wawili wanatosha mwaka mzima, na watatu zaidi wanahitajika kuanzia Novemba hadi Januari. Ukiwaajiri wote watano kwa kudumu, na tuseme kila mmoja analipwa shilingi 20,000, wale watatu watakula shilingi 60,000 kila mwezi hata kazi ikiwa haipo. Kwa miezi tisa iliyobaki hiyo ni 540,000.

Kwa hiyo ajira ya kudumu ipime kwa mwezi wako mkavu kabisa. Wale wawili wape, na mmoja wao awe mkataji wako. Mkataji akikosea, hasara ni ya jora zima la kitambaa, na mtu wa aina hiyo humpati Novemba wakati kila karakana inamtafuta. Likizo yao, ambayo ni siku 21 za kazi kwa mwaka, kubalianeni mapema iwe Februari au Machi.

Wale watatu wape mkataba wa muda maalumu, wenye tarehe ya kuanza na ya kuisha: 1 Novemba hadi 31 Januari. Taja kazi yenyewe, malipo na saa. Weka pia kifungu cha notisi, kwa sababu shule ikifuta oda katikati ya Desemba na mkataba hausemi lolote, utabanwa na miezi iliyobaki. Likizo wanayo pia: siku moja na robo tatu kwa kila mwezi, kwa hiyo watadai siku tano na kidogo mwishoni. Zilipe. Hata ukipendelea kulipa kwa kipande, yaani kwa kila shati, fundi huyo bado ni mwajiriwa wako.

Mkataba huu huharibika baada ya kuisha. Tarehe 1 Februari fundi anarudi, kuna mashati machache yamebaki, nawe unamwambia aendelee tu. Hapo tarehe uliyoandika haikulindi tena. Kama kazi ipo, andikeni mkataba mwingine mfupi kabla hajakaa kwenye cherehani. Usimwahidi kwa mdomo kwamba utamwita tena kila mara, maana mahakama zinaweza kuiona ahadi hiyo kuwa msingi wa yeye kutarajia kuongezewa muda. Tena si haki kumfanya apange kodi ya nyumba kwa kazi usiyo na hakika nayo.

Kibarua wa kweli mbakize kwa siku mbili tatu za kutia vifungo, kukunja na kupakia mzigo wa kupeleka shuleni. Mlipe jioni, aweke sahihi kwenye daftari lenye tarehe. Daftari hilo ndilo litakaloonyesha nani anaukaribia mwezi.

Mikataba ya Novemba iandikwe Oktoba, nakala mbili, na kila fundi aondoke na yake kabla ya siku ya kwanza ya kazi.