Kugandisha Maharage, Mchuzi na Wali kwa Mlo Mmoja Mmoja

Maharage yanayovurugika yakipashwa moto huwa yameharibiwa siku yalipopikwa. Anayepika Jumapili ili ale hadi Ijumaa hana budi kuepua mapema kidogo, kwa kuwa moto wa pili nao huivisha.

Chukua nusu kilo ya maharage ya Lushoto. Loweka usiku kucha, mwaga maji, kisha chemsha kwa maji mapya. Epua pale punje inapobonyea kati ya vidole viwili huku ganda lake likiwa zima. Usitie tui bado, maana tui likigandishwa hukatika: mafuta huelea, maji hubaki chini. Gawa maharage katika vyombo vinne vyenye vifuniko, ujaze maji yake ya kuchemshia hadi yafunike punje, kwani zinazobaki wazi hukauka. Acha nafasi ya upana wa kidole kwa juu, barafu ipate pa kutanukia.

Mchuzi wa nyama hauna shida, ila viazi vitoe. Vikigandishwa hugeuka kama sponji.

Wali ndio unaohitaji uangalifu zaidi, hasa kwa joto la Tanga. Kuna bakteria ambao mbegu zao huvumilia kuchemka, nazo huamka wali unapokaa vuguvugu sufuriani. Sumu wanayoitoa haiondoki kwa kupasha moto. Kwa hiyo wali usingoje jioni. Punguza maji kidogo unapoupika, utandaze kwenye sinia mbele ya feni, na ndani ya saa moja uwe umeingia friza. Upakie kwa unene wa vidole viwili bila kuushindilia. Fungu jembamba huganda haraka, na punje hazishikani.

Wali usiuyeyushe kwanza, maana ukiyeyuka polepole kwenye friji punje hukakamaa na kukatika. Utoe friza moja kwa moja, utie sufuriani na vijiko viwili vya maji, funika vizuri, moto mdogo. Usiuguse mpaka mvuke utoke kwa nguvu, kisha uchambue kwa uma. Uwe wa moto hadi katikati.

Maharage yahamishie kwenye friji usiku wa kuamkia siku ya kuyala. Yakishachemka, tia tui, chota mchuzi kwa upawa na kuumimina tena juu mpaka tui liive. Mwiko ndio unaopasua punje.

Umeme ukikatika, usifungue friza. Iliyojaa hutunza baridi kwa takriban saa 48, iliyojaa nusu kwa saa 24. Kwa siku ambazo hupo nyumbani, gandisha kikombe cha maji na uweke sarafu juu ya barafu. Ukirudi ukakuta sarafu imezama, chakula kiliyeyuka ukiwa mbali. Kitupe, hata kama kimeganda tena.